Kabla hujaandikia chuo kuuliza cheti cha shahada

Nafanya kazi ya utumishi kwenye kampuni ya mbao hapa Mafinga, na kila tukitangaza nafasi ya mhasibu bahasha zinajaa nakala zenye muhuri wa wakili. Muhuri huo unasema kitu kimoja tu: nakala inafanana na karatasi aliyoonyeshwa wakili. Kama karatasi yenyewe ni ya kughushi, nakala yake inathibitishwa vilevile. Anayejua nani alitunukiwa shahada ni chuo kilichoitoa.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua chuo hicho ni kipi hasa, na huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hilo si jepesi kama linavyoonekana. Aliyesoma Mkwawa, Iringa, shahada yake ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maana Mkwawa ni chuo kishiriki chake. Chuo Kikuu cha Iringa nacho, kabla ya 2013, kilikuwa chuo kishiriki cha Tumaini.

Chukua mwombaji aliyehitimu 2009 akiwa Iringa. Cheti chake kitataja Tumaini. Ukitafuta Tumaini leo mtandaoni unaweza kuangukia Makumira, Arusha, ukawaandikia, wakakujibu hawamjui, nawe ukamtupa mtu mwenye shahada halali. Mwulize mwombaji mwenyewe alisomea kampasi ipi, mahafali yake yalifanyika wapi, na transkripti yake ilisainiwa na ofisi gani. Ukishapata majibu hayo, anza na chuo kilichorithi kampasi ile.

Mawasiliano ya chuo usiyachukue kwenye cheti, wala kwenye barua aliyokuletea mwombaji. Anayeweza kutengeneza cheti anaweza pia kuandika juu yake namba ya simu ya rafiki yake. Nenda kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ambako kuna orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Ukishaona jina la chuo hapo, ingia tovuti ya chuo chenyewe, chukua simu ya ofisi kuu, upige uombe kuunganishwa na wanaoshughulikia uhakiki wa vyeti. Mara nyingi ni ofisi ya msajili au ya taaluma. Uliza pia kama kuna fomu na ada. Anwani ya barua pepe iishie na `.ac.tz`, tena uisome herufi kwa herufi.

Pili, pata idhini ya mwombaji kwa maandishi. Tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, chuo kina haki ya kukataa kumzungumzia mhitimu kwa mtu asiyemjua. Sisi tunaweka mstari wa idhini kwenye fomu ya maombi, na mwombaji anasaini pale pale. Akiwa amebadili jina, labda baada ya kuolewa, aambatanishe hati inayounganisha majina hayo mawili, la sivyo chuo kitatafuta jina lisilokuwepo kwenye daftari lake.

Sasa swali lenyewe, na hapa ndipo niliwahi kuteleza. Niliandikia chuo kimoja nikiuliza kama fulani alisoma kwao. Wakajibu ndiyo. Tukamwajiri. Miezi kadhaa baadaye ikajulikana kwamba aliacha mwaka wa pili. Chuo hakikunidanganya: alisoma kweli. Siku hizi naambatanisha nakala ya cheti na ya transkripti, nataja namba ya usajili na namba ya cheti, kisha nauliza: je, mtu huyu alitunukiwa shahada hii, kwa jina hili, mwaka huu, kwa daraja hili? Daraja usilisahau, kwa sababu wapo ambao shahada yao ni ya kweli ila wamelipandisha. Kwa vyuo vyetu daraja la pili la juu huanzia GPA ya 3.5, hivyo cheti chenye daraja hilo na transkripti yenye 3.1 vimeshagombana kabla hujapiga simu.

Jibu lije moja kwa moja kutoka chuoni kwenda ofisini kwako. Barua ya uhakiki aliyoibeba mwombaji mkononi, hata ikiwa na muhuri unaong'aa, ichukulie kama haijafika. Jibu likikuja, piga tena ile simu ya ofisi kuu uulize kama kumbukumbu namba iliyo kwenye barua ni ya kwao.

Ukijibiwa "hayumo", usikimbilie polisi. Mpe mwombaji nafasi ya kueleza, uhakikishe mwaka na kampasi, halafu uulize mara ya pili.

Majibu huweza kuchukua wiki kadhaa, hasa msimu wa mahafali. Kama huwezi kusubiri, andika kwenye barua ya ajira kwamba uthibitisho wa shahada kutoka chuoni ni sharti la ajira hiyo, umsomee kipengele hicho kabla hajasaini. Mwaka jana mmoja alipokisikia aliomba kwenda kuchukua cheti halisi nyumbani Makambako, na hakurudi.