Nguzo ya kupandishia mashine za boti: kukokotoa ncha itasogea kiasi gani, kwa nishati na mzigo bandia

Hapa Lamu karibu kila kitu kizito huja kwa maji, na mashine za boti ni kati ya vitu vinavyotaabisha zaidi gatini. Mashine kubwa ina kilo mia mbili na kitu, na kuibeba kwa mikono ya vijana wanne juu ya ngazi yenye utelezi ni kutafuta ajali. Ndiyo maana watu husimamisha nguzo ya chuma yenye mkono mmoja, wakatundika cheni bloku kwenye ncha.

Fundi akiulizwa ncha itashuka kiasi gani, mara nyingi ana jibu. Akiulizwa itakwenda mbele kiasi gani, kuelekea baharini, husita, kwa sababu hakuna mzigo unaoivuta mbele. Lakini ncha huenda mbele kweli, na katika mfano wa leo huenda mbele kuliko inavyoshuka. Njia ya nishati ndiyo ninayoipenda kwa swali hili, kwa sababu hujibu bila kukulazimisha kukisia umbo la chuma kilichopinda.

Hatua ya kwanza: chora fremu na uipe herufi

Nguzo imesimama wima, chini imekazwa kwenye zege, urefu wake H = mita 3. Juu yake umechomelewa mkono wa mlalo unaoelekea baharini, urefu L = mita 1.2. Mzigo W = kilonyutoni 3 unaning'inia kwenye ncha. Huo ni kama kilo 300, yaani mashine pamoja na nafasi ya mshtuko cheni inapovutwa kwa pupa.

Nguzo na mkono ni bomba moja la chuma, kipenyo cha nje milimita 114.3, unene wa ukuta milimita 5. Momenti ya pili ya eneo lake, I, ni sm⁴ 257. Kwa chuma tunachukua E = gigapaskali 200. Zidisha mara moja tu, uandike pembeni:

```
EI = 200e9 × 257e-8 = 514 000 N·m² = 514 kN·m²
```

Kuanzia hapa tumia kilonyutoni na mita peke yake. Ukichanganya milimita katikati ya hesabu, jibu litakosea mara elfu au milioni.

Hatua ya pili: elewa unachotafuta

Mzigo unapotundikwa polepole, kazi unayoifanya haipotei. Huhifadhiwa ndani ya chuma kama nishati, na chuma huirudisha ukiuondoa mzigo. Kwa chuma kinachopinda, nishati hiyo ni:

```
U = ∫ M² / (2EI) dx
```

M ni momenti ya kupinda mahali ulipo, na unajumlisha kwa urefu wote wa fremu. Mwitaliano Carlo Alberto Castigliano, katika tasnifu yake ya mwaka 1873 kule Turin, alionyesha kwamba ukichukua derivativu ya U kwa mzigo fulani, yaani kadiri U inavyobadilika mzigo huo ukibadilika kidogo, unapata msogeo wa mahali mzigo huo uliposhika, kwa uelekeo wa mzigo huo.

Maneno "kwa uelekeo wa mzigo huo" ndiyo yenye shida yetu. W inatazama chini, kwa hiyo derivativu kwa W itatupa kushuka tu. Tunataka kwenda mbele, na hakuna herufi ya mzigo unaokwenda mbele. Basi tunaiweka wenyewe.

Hatua ya tatu: weka mzigo bandia, uuache uishi

Kwenye ncha, weka mzigo Q wa mlalo unaoelekea baharini. Thamani yake ni sifuri, na mwisho wa hesabu utaiandika sifuri hiyo. Ila si sasa. Ukiifuta Q kabla ya derivativu, hutakuwa na kitu cha kuchukulia derivativu.

Ipe herufi yake mwenyewe. Hata kama siku nyingine kuna mzigo halisi wa mlalo unaolingana na W, usiuite W. Herufi moja ikisimama mahali pawili, derivativu hukupa misogeo miwili iliyojumlishwa, na hakuna alama yoyote kwenye jibu itakayokuonya.

Hatua ya nne: andika momenti

Kwenye mkono, pima x kutoka kwenye ncha kurudi nyuma. W inatoa momenti Wx. Q inapita katikati ya mkono kwa urefu wake, kwa hiyo haiupindi. Kwenye nguzo, pima y kutoka juu kushuka. W inaleta WL ileile kutoka juu hadi chini, na Q inaongeza Qy.

```
mkono:  M = W·x
nguzo:  M = W·L + Q·y
```

Tazama alama ya kujumlisha kwenye nguzo. W inaiinamisha nguzo kuelekea baharini, na Q vilevile, basi alama ni moja. Ungeiweka Q kuelekea mjini, ungeandika WL − Qy, na jibu lingetoka hasi: maana yake ncha inakwenda kinyume cha ulivyochora. Jibu hasi si kosa. Kosa ni kuchora Q upande mmoja na kuandika momenti yake kana kwamba iko upande wa pili.

Hatua ya tano: derivativu, kisha sifuri, kisha jumla

Mkono hauna Q, basi hauchangii kitu katika swali hili. Inabaki nguzo. Hapa twende taratibu, tufungue mraba:

```
(WL + Qy)² = W²L² + 2·WL·Qy + Q²y²
```

Kipande cha kwanza hakina Q, basi derivativu inakifuta. Cha tatu kinabaki na Q ndani yake hata baada ya derivativu, basi kinakufa tunapoweka Q = 0. Kipande cha katikati ndicho kinachobeba jibu lote. Maana yake halisi ni hii: Q ingekuwa imeshika ncha tangu mwanzo, kisha W ikatundikwa, Q ingesafiri na ncha kwenda mbele na kufanya kazi ya Q mara msogeo. Kazi hiyo ndiyo kipande cha katikati.

Kwa hiyo usihesabu nishati ya W peke yake na ya Q peke yake ukazijumlisha. Misogeo hujumlishwa hivyo. Nishati haijumlishwi, kwa kuwa ina mraba. Ukifanya hivyo kipande cha katikati hupotea, na jibu linatoka sifuri.

```
δh = ∂U/∂Q (Q = 0) = ∫₀ᴴ (WL·y / EI) dy = W·L·H² / (2EI)
δh = 3 × 1.2 × 3² / (2 × 514) = 0.0315 m
```

Ncha inakwenda mbele milimita 31.5.

Kushuka, kwa kulinganisha

Hapa W ipo tayari, mzigo bandia hauhitajiki. Mkono na nguzo vyote vinachangia:

```
δv = W·L³/(3EI) + W·L²·H/EI
   = 0.0034 + 0.0252 = 0.0286 m
```

Milimita 28.6, na karibu zote zinatoka kwenye nguzo. Kupinda kwa mkono wenyewe hakufiki milimita 4. Anayetaka kuifanya fremu hii ngumu kwa kuongeza bomba nene kwenye mkono anatia pesa mahali pasipostahili. Nguzo ndiyo inayofaa kuongezwa nguvu.

Unaweza kujihakikishia jibu. Weka momenti bandia C pale juu nguzo inapokutana na mkono, uandike M = WL + C kwenye nguzo, ufuate hatua zilezile. Utapata mzunguko WLH/EI, yaani radiani 0.0210. Zidisha kwa mkono wa mita 1.2 na utapata milimita 25.2, sawasawa na kipande cha pili cha kushuka.

Nishati ya kugandamizwa kwa nguzo tumeiacha. Ukiihesabu, inaongeza milimita 0.03 tu kwenye kushuka, na haiongezi chochote kwenye kwenda mbele.

Kupima gatini

Hesabu hii inadhani kitako hakizunguki hata kidogo na bomba lina unene wake wote. Gatini, mambo yote mawili yana shaka. Pima.

Tundika mifuko sita ya saruji ya kilo 50. Hiyo ni kilonyutoni 2.94, basi tarajia milimita 31 mbele na 28 chini. Timazi ifunge juu ya nguzo, si kwenye ncha, ili mifuko isikuzuie. Mkono haurefuki, kwa hiyo kichwa cha nguzo kinakwenda mbele sawa na ncha. Itumbukize timazi ndani ya ndoo ya maji ili itulie, na upime asubuhi mapema, kabla kusi haijaanza kuvuma kwa nguvu. Soma umbali kati ya uzi na uso wa nguzo karibu na kitako, kabla na baada ya mzigo.

Tuseme umepata milimita 46 badala ya 31. Usikimbilie kulaumu bomba. Kitako kinachozunguka tunaweza kukiweka kwenye nishati kama springi yenye ukakamavu k:

```
Uk = (WL + QH)² / (2k)
nyongeza ya mbele = WLH/k,   nyongeza ya kushuka = WL²/k
```

Nyongeza ya milimita 15 kwa nguzo ya mita 3 ni mzunguko wa radiani 0.005. Mzunguko huo unaongeza kushuka kwa milimita 6 tu, basi ncha itashuka milimita 34. Lakini kama ni kutu iliyolila bomba lote kwa usawa, I ndiyo iliyopungua, na misogeo yote miwili itakua kwa kiwango kimoja: mbele 46, chini karibu 42. Kutu hula haraka hapa pwani. Ikiondoa milimita 1 tu ya ukuta kwa nje, I inashuka kutoka 257 hadi 200, na misogeo inapanda kwa zaidi ya robo.

Kwa hiyo pima kushuka pia. Ukikuta 34, kaza bolti, uangalie zege linalozishika na kisigino cha kitako upande wa mjini, kama kinanyanyuka mzigo unapopanda. Ukikuta 42, bomba limekwisha. Kuna hali moja inayochanganya: kutu iliyokula nguzo sehemu ya chini tu, pale maji ya bamvua yanapofika, hutoa vipimo vinavyofanana na vya kitako kilicholegea. Kisigino kikiwa hakinyanyuki na bado umesoma 34, kwangua rangi juu kidogo ya kitako, upime unene wa chuma pale pale.