Jinsi ya kujua mwenye klabu ya soka: ni kampuni, chama au wakfu?

Klabu yenu ya Kisumu, Kakamega au Nakuru ikianza kuvumishwa kwamba inauzwa, swali la kwanza lisiwe "mwenyewe ni nani?" Uliza kwanza imesajiliwa kama nini, kwa sababu jibu hilo ndilo linalokuelekeza utafute kwenye daftari gani. Klabu nyingine hazina fumbo: Ulinzi Stars ni timu ya jeshi, Nzoia Sugar ilianzishwa na kiwanda cha sukari cha Bungoma, na Gor Mahia ni klabu ya wanachama wanaochagua viongozi kwa kura. Kazi iko kwa zile ambazo mtaa mzima unasema ni "za mzee fulani".

Tafuta jina kamili la kisheria. Jina lililo kwenye jezi halitoshi. Liangalie kwenye mkataba wa mchezaji, kwenye barua rasmi au kwenye stakabadhi. Njia rahisi ni ujumbe wa M-Pesa: ukilipa tiketi kwa paybill, ujumbe unakuonyesha jina la anayepokea pesa. Litunze, utalihitaji.

Kisha ingia eCitizen, kwenye huduma za usajili wa biashara, utafute jina hilo. Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo nenda polepole. Tulipotafuta klabu moja ya upande wetu, yalitokea majina mawili yanayokaribiana sana. Namba ya usajili ya moja ilianza na PVT, yaani kampuni binafsi yenye hisa. Ya la pili ilianza na BN, yaani jina la biashara tu, na mtu mmoja anaweza kulisajili. Tulilipia CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, ya ile yenye PVT, kama shilingi 650, na ikatupa wakurugenzi, wenye hisa na idadi ya hisa za kila mmoja. Mashabiki wakaanza kusambaza majina hayo kwamba ndio wenye klabu. Kumbe kampuni hiyo ilihusika na uuzaji wa jezi pekee. Mikataba ya wachezaji ilikuwa na jina lingine, la chama kilichosajiliwa kwa Msajili wa Michezo.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, linganisha jina la eCitizen na lile la mkataba, neno kwa neno. Neno "Limited" likikosekana upande mmoja, huenda unashika vitu viwili tofauti. Ukiona CLG mwanzoni mwa namba, hiyo ni kampuni ya dhamana: ina wanachama, haina hisa, na hakuna asilimia ya mtu ya kuuzwa. Na mwenye hisa akiwa ni kampuni nyingine, itabidi uombe CR12 ya hiyo pia. Hata hivyo, CR12 haimfichui mtu aliyejificha nyuma ya jina la mwingine. Tangu 2020 kampuni hulazimika kuwasilisha majina ya wanufaika halisi, lakini raia wa kawaida hafunguliwi daftari hilo.

Jina lisipopatikana kabisa kati ya kampuni, usikate kauli kwamba klabu haijasajiliwa. Sheria ya Michezo ya 2013 inataka klabu zisajiliwe kwa Msajili wa Michezo, na daftari lake ni tofauti. Ofisi iko Nairobi, lakini huna haja ya kupanda basi. Andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, kwa Kiswahili ukitaka. Usiombe "habari za klabu", kwa sababu ombi pana hurudishwa au hujibiwa nusu. Omba vitu vitatu kwa majina yake: nakala ya cheti cha usajili, katiba iliyowasilishwa na orodha ya sasa ya viongozi. Baki na nakala yenye muhuri au uthibitisho wa barua pepe, kwani ofisi ina siku 21 za kujibu na tarehe ya kupokelewa ndiyo inayohesabiwa.

Katiba ikifika, ruka kurasa za malengo ya klabu, usome vifungu vya mali na vya kuvunjwa. Hapo ndipo utajua kama mali ni ya wanachama, na nani ana haki ya kuidhinisha mauzo: mkutano mkuu au kamati. Ukikuta kwamba uwanja au ploti viko mikononi mwa wadhamini, yaani watu wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, si wafadhili wa jezi, basi kuna wakfu pembeni. Klabu inaweza kuwa ya wanachama huku ardhi ikishikwa na wadhamini. Fanya upekuzi wa hati ya ardhi kwa namba ya ploti, uone imeandikwa kwa jina la nani.

Siku 21 zikipita kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30, ukiambatisha ile nakala ya ombi.