Barua kwa mkadiria hasara: omba na msingi wa hesabu

Duka likiungua na mkadiria hasara akishapita, mwandikie barua, nakala kwa kampuni ya bima. Nakala hiyo ni muhimu: kampuni ndiyo iliyomwajiri, na mara nyingi atakujibu kwamba ripoti ni mali yao. Weka namba ya dai na namba ya hati ya bima, kisha uombe hivi:

"Naomba nakala ya ripoti ya awali na ya mwisho, tarehe ulizoteuliwa, ulizokagua, ulizopokea hati yangu ya mwisho na ulizowasilisha ripoti, pamoja na msingi wa kukadiria thamani."

Hapo kwenye msingi usiishie juujuu. Uliza kama ametumia bei ya kununua kipya au amekata uchakavu, kwa asilimia ngapi, na bei za tarehe gani. Uliza pia thamani ya jumla aliyoipa bidhaa zote dukani. Tuseme ulikata bima ya milioni 12, zilizoungua ni za milioni 5, naye kaandika kwamba duka zima lilikuwa na bidhaa za milioni 20. Kwa kanuni ya bima pungufu, pale bima ikiwa ndogo kuliko thamani ya bidhaa zote, utapewa 12/20 ya hasara, yaani milioni 3. Kama daftari lako la stoo linaonyesha milioni 15, ni milioni 4.

Usisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho kabla ya kuiona hesabu hiyo. Kwa Tanzania, wakikaa kimya, barua yenye muhuri wa kupokelewa ipeleke kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.