Logi zenye besi tofauti: kwa nini tunagawa kwa 2 badala ya kuzidisha

Jana jioni mpwa wangu wa kidato cha pili alikuja kibarazani kwangu hapa Mikindani na swali hili:

```
log₂ x + log₄ x = 6
```

Hatua ya 1: tazama besi. Kujumlisha logi kwa kuzidisha namba zake kunakubalika besi zikiwa sawa tu. Kwa hiyo usiandike log₆ x² wala log₈ x². Kwa kuwa 4 ni 2², tutaihamishia logi ya pili kwenye besi ya 2.

Hatua ya 2: badili besi. Hapa ndipo alipokwama, na mimi nilipokuwa na umri wake nilipoteza jioni nzima papo hapo. Aliandika log₄ x = 2 log₂ x. "Mjomba, kwani nne si mara mbili ya mbili?"

Nikamwambia aiweke x pembeni kwanza, achukue 64. Ukizidisha 2 kwa 2 mfululizo, unahitaji 2 sita kufika 64. Ukitumia 4, tatu zinatosha, maana kila 4 imebeba 2 mbili ndani yake. Logi inahesabu zimetumika ngapi, kwa hiyo besi ikiwa kubwa hesabu inapungua:

```
log₄ x = log₂ x ÷ log₂ 4 = ½ log₂ x
```

Angalia pia kwamba hiyo nusu inatoka kwenye kipeo cha 2², haitoki kwenye 4 ÷ 2. Namba 8 ni mara nne ya 2, lakini log₈ x ni theluthi ya log₂ x, kwa sababu 8 ni 2³. Mimi humtaka mwanafunzi ajaribu na 64 kila mara badala ya kukariri kanuni peke yake. Kanuni ikipinduka kichwani, hutajua. 64 itakuonyesha palepale.

Hatua ya 3. Iite log₂ x herufi p. Basi p + p/2 = 6, p = 4, x = 2⁴ = 16.

Hatua ya 4: rudisha jibu kwenye swali. log₂ 16 ni 4, log₄ 16 ni 2, jumla 6. Jibu la mpwa wangu lilikuwa x = 4, nalo linatoa 2 + 1 = 3. Alipoliona hilo alifuta mwenyewe.

Kisha nikampa log₄ x + log₈ x = 5. Hapa 8 si kipeo kizima cha 4, ila zote mbili zinatoka kwa 2, basi zipeleke huko: p/2 + p/3 = 5, p = 6, x = 64. Kitabu cha jedwali na besi ya 10 viache mpaka ukutane na besi zisizo na asili moja, kama 2 na 3.