Somo: Kutafsiri muhtasari wa kikao cha bodi bila kupoteza uamuzi, mhusika na tarehe

Tuchukue mfano wa chama cha akiba na mikopo ambacho bodi yake huandika muhtasari kwa Kiingereza, halafu wanachama na watendaji wa matawi husoma nakala ya Kiswahili. Kikao kilifanyika Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Mwenyekiti ni mwanamume, Mweka Hazina ni mwanamke. Kipengele kimoja kinasomeka hivi:

"The Board approved the revised budget, subject to confirmation by the auditor. The Chair asked the Treasurer to circulate his report by 22 August."

Hatua ya 1: Chora jedwali kabla ya kutafsiri. Soma Kiingereza chote, kisha toa kila jambo lililoamuliwa ulipange katika safu tatu: uamuzi, mhusika, tarehe ya mwisho. Hesabu mistari. Ikiwa ni tisa, nakala ya Kiswahili nayo lazima itoe tisa.

Hatua ya 2: Chagua kitenzi cha uamuzi, usikibadilishe. Hapa ndipo penye hatari kubwa. "Bodi ilipitia bajeti" maana yake iliisoma na kuijadili. "Bodi ilipitisha bajeti" maana yake imekubaliwa, fedha zinaweza kutumika. Silabi moja inatenganisha mjadala na idhini, na kosa la kuchapa halionekani kwa sababu sentensi zote mbili ni sahihi. Kwa hiyo andika "iliidhinisha" kwa kilichokubaliwa na "ilijadili" kwa kilichozungumzwa tu. Neno "noted" liwe "ilipokea taarifa". Ukiandika "ilikubali", umeipa bodi uamuzi ambao haikuufanya.

Maneno "subject to" hutafsiriwa mara nyingi "kwa kuzingatia". Hayatoshi, kwa sababu msomaji ataelewa kwamba bajeti imeshapita na mkaguzi atafikiriwa baadaye. Andika: "Bodi iliidhinisha bajeti iliyorekebishwa kwa sharti kwamba mkaguzi aithibitishe kwanza." Sharti lisihamishiwe sentensi inayofuata, maana mtu akinukuu sentensi ya kwanza peke yake, sharti limepotea.

Hatua ya 3: Taja cheo, acha "yake". Katika mfano wetu, "his" inaonyesha kwamba ripoti ni ya Mwenyekiti, kwa kuwa ndiye mwanamume. Kiswahili hakitofautishi jinsia hapo. Ukiandika "Mwenyekiti alimtaka Mweka Hazina asambaze ripoti yake", karibu kila msomaji ataelewa ni ripoti ya Mweka Hazina, naye ataanza kuandaa ripoti ambayo hakuna aliyeiomba. Andika "asambaze ripoti ya Mwenyekiti", hata kama cheo kinajirudia. Muhtasari unavumilia marudio.

Hatua ya 4: Funga tarehe. "Hadi tarehe 22" inaweza kusomeka kama kazi inayoendelea mpaka siku hiyo. "Kabla ya tarehe 22" inaiondoa siku yenyewe, na hivyo unampunguzia mtu siku moja. "Si zaidi ya Ijumaa, tarehe 22 Agosti 2025" haina njia ya pili. Mwezi uandikwe kwa jina. Saa nazo zigeuzwe: saa 5:00 p.m. ya Kiingereza ni saa 11 jioni.

Hatua ya 5: Mpe mwingine asome. Mtu ambaye hajaona Kiingereza ajaze jedwali lile lile akitumia Kiswahili pekee. Linganisha na lako. Mstari unaotofautiana ndio wa kurekebisha.

Maswali ya washiriki wa somo

*Mwalimu, asante kwa somo. Tuandike "atasambaza" au "asambaze"?*

"Asambaze", ikitanguliwa na "aliagizwa" au "alitakiwa". "Atasambaza" inasikika kama taarifa ya jambo litakalotokea, na kwenye yatokanayo mhusika anaweza kudai hakuna aliyempa agizo.

*Kiingereza kikisema "Management to follow up" bila jina wala tarehe, nijaze mwenyewe? Najua kabisa ni Meneja wa Mikopo.*

Usijaze, ndugu, hata kama unajua. Mwandikie Katibu umuulize. Ikiwa jibu halijafika, andika "Menejimenti ifuatilie" na kwenye safu ya tarehe uweke "haikutajwa". Pengo likionekana, bodi italiziba.

*Nimekuta kosa kwenye Kiingereza: tarehe ya mwisho imetangulia tarehe ya kikao. Nirekebishe?*

Tafsiri kama ilivyo, kisha mjulishe Katibu kwa maandishi ukitaja namba ya kipengele. Marekebisho hufanywa na bodi wakati wa kuthibitisha muhtasari katika kikao kinachofuata. Ukirekebisha kimyakimya, nakala mbili zitakuwa na tarehe mbili, na mhusika atachagua inayompa siku nyingi zaidi.