Namna ya Kuandika Skripti ya Video ya Kuiomba Kampuni Ushirikiano wa Kulipwa

Video ya maombi inayozidi sekunde 90 huenda isitazamwe hadi mwisho, kwa sababu anayeipokea ana maombi mengine mengi ya kupitia siku hiyohiyo. Kwa hiyo skripti nzima isizidi maneno 150 au hivi, na kila sentensi imsaidie mpokeaji kuamua. Tuchukue mfano wa mtayarishaji wa video za kurekebisha nguo zilizochakaa, anayetaka kuiandikia kampuni inayouza cherehani ndogo za nyumbani.

Hatua ya kwanza: tafuta takwimu ya kweli ya watazamaji

Kabla ya kuandika neno lolote, fungua takwimu za akaunti yako na uorodheshe idadi ya watazamaji wa video zako 10 za mwisho. Tuseme video tisa zimetazamwa kati ya mara 3,000 na 6,000, na moja iliyosambaa sana imetazamwa mara 90,000. Ukizijumlisha na kugawanya kwa 10, utapata wastani wa takribani 13,000, idadi ambayo hakuna hata moja ya zile video tisa iliyoikaribia. Zipange badala yake kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue wastani wa zile mbili za katikati, ambao hapa tuseme ni kama 4,500. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo kampuni itakayoikuta ikifungua ukurasa wako, na kwa maoni yangu ina uzito kuliko jumla ya wafuasi, kwani wafuasi wengi hawaoni kila unachochapisha.

Ongeza mambo mawili tu: rika la watazamaji walio wengi, na swali wanalolirudia katika maoni. Swali hilo lina thamani kubwa, kwa kuwa linaonyesha wanachotaka kukinunua au kukielewa.

Hatua ya pili: chagua mawazo mawili na uyapime

Kila wazo lieleze kile ambacho mtazamaji atakiona, si hisia atakayoipata. Kisha lipime hivi: iondoe bidhaa katika wazo hilo. Ikiwa video inabaki vilevile, kampuni haina sababu ya kuilipia. Ikiwa hakibaki chochote, umeandika tangazo ambalo watazamaji wako wataliruka. Wazo zuri huwa katikati: linatokana na kazi unayoifanya siku zote, ila bila bidhaa hiyo halikamiliki. Usiahidi matokeo ya kifaa ambacho hujakijaribu.

Hatua ya tatu: andika skripti

Mfano wetu ukikamilika, unasomeka hivi:

"Habari. Ninatengeneza video za kurekebisha nguo zilizochakaa. Chini ya video zenu za cherehani ndogo, watu wengi wanauliza kama inaweza kushona jinzi, na watazamaji wangu huniuliza swali hilohilo. Video yangu ya kawaida hutazamwa mara 4,500 hivi, na wengi wa watazamaji wana umri wa miaka 25 hadi 34. Nina mawazo mawili. La kwanza, nitarekebisha suruali ya jinzi iliyochanika gotini kwa cherehani yenu, na sehemu ya pindo nene nitaionyesha bila kukata video. La pili, wafuasi watanitumia picha za nguo walizotaka kuzitupa, nami nitachagua tatu na kuzirekebisha kwa cherehani yenu. Napendekeza video mbili ndani ya mwezi mmoja, kwa malipo tutakayokubaliana, na zitatajwa wazi kuwa zimelipiwa. Je, ni nani kwenu anayeshughulikia ushirikiano wa namna hii, ili nimtumie takwimu na bei?"

Neno "malipo" limetajwa waziwazi, kwani ukiliacha huenda ukaletewa cherehani ya bure na kushukuriwa tu. Kiasi chenyewe hakikutajwa, kwa sababu bei hubadilika kulingana na masharti: kampuni ikitaka kuitumia video katika matangazo yake yenyewe, au ikikuzuia kufanya kazi na washindani wake kwa muda fulani, hayo hulipiwa zaidi.

Hatua ya nne: rekodi na utume

Soma skripti kwa sauti ukiwa na saa. Ikizidi sekunde 90, punguza maelezo ya kujitambulisha kwanza, usiguse mawazo. Unapotaja takwimu, onyesha picha ya skrini yenye tarehe, na unapotaja mawazo, onyesha klipu za kazi zako zinazofanana nayo. Weka maandishi ya unachosema chini ya video, kwa maana huenda mpokeaji akaitazama bila sauti. Itume kama kiungo kisichoonekana kwa umma badala ya kuiambatisha, kwa sababu faili kubwa hukataliwa na barua pepe, na katika mstari wa kwanza wa ujumbe utaje muda wa video. Usipojibiwa kwa wiki moja, tuma ukumbusho mmoja mfupi wenye kiungo kilekile.