Mteja amesema betri ya sola imekufa: mambo ya kuzingatia kabla ya kumjibu

Ujumbe wa namna hii huingia usiku, taa zikiwa tayari zimezima. "Betri mliyoniuzia imekufa. Saa mbili usiku giza. Nataka pesa zangu." Duka letu liko Arua, Uganda, na wateja wanaovuka mpaka wa Vurra kutoka Aru, upande wa Kongo, hutuandikia kwa Kiswahili, kwa hiyo majibu ya waranti nayaandika mimi. Huyu wa safari hii ni mwalimu. Alinunua betri moja ya jeli ya volti 12, yenye maandishi 100Ah ubavuni, na ametuma picha mbili: moja ya betri yenyewe, nyingine ya ukuta wenye kontrola, inveta na nyaya zilizosokotana kama nywele za asubuhi.

Kabla ya kumwandikia neno lolote zaidi ya salamu na "tumeupata ujumbe wako, kesho kabla ya saa sita mchana utapata jibu", nafungua kitabu cha mauzo. Waranti inafuata namba ya siriali, haifuati jina wala sura ya mteja. Namba iliyo kwenye picha ikilingana na iliyo kitabuni, swali la kwanza limekwisha, hata kama risiti ililiwa na mchwa. Duka linalomkataa mtu kwa kukosa risiti ilhali lenyewe lina rekodi ya mauzo linajitafutia kesi, na kesi yenyewe si ngumu kufungua: hapa Uganda madai yasiyozidi shilingi milioni 10 yana utaratibu wake mfupi mahakamani, na mtu anaweza kujisemea bila wakili. Kwa mwalimu kitabu kinasema 14 Februari. Leo ni 9 Oktoba. Waranti ni miezi 12, basi yumo ndani na ana miezi minne mbele yake.

Halafu nasoma kadi ya waranti, hata kama naijua kwa moyo. Yetu inasema inabeba "kasoro za kiwandani" na haibebi "matumizi mabaya". Hapo ndipo ugomvi mwingi unapozaliwa, kwa sababu maneno hayo mawili hayapimiki. Kila mteja ataapa kwamba ni kiwanda, na kila muuzaji ataapa kwamba ni matumizi. Ukitaka jibu lako lisimame, ligeuze kila neno liwe kitu kinachoonekana au kinachosomeka kwenye mita. Seli iliyokufa ndani: inasomeka. Ubavu uliovimba kwa kuchajiwa kupita kiasi: unaonekana. Kifuniko kilichobanduliwa na mtu aliyetaka kuongeza maji, jambo ambalo betri ya jeli haitaki kabisa: kinaonekana pia. Na ukumbuke kwamba kadi si neno la mwisho. Sheria ya mauzo ya bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 ina masharti yake kuhusu ubora wa kitu kinachouzwa, yawe yameandikwa kwenye kadi au hayakuandikwa.

Jambo la tatu ni uzito. Betri hii ina karibu kilo 30. Kumwambia mtu "ilete" ni rahisi kwako uliyekaa dukani. Yeye ataifunga kwenye bodaboda, apande nayo vumbi lote hadi mpakani, kisha huku mita iseme ni nzima. Mara nyingi shida huwa kwingine: kivuli cha mwembe kimelifikia paneli, au koleo la waya limelegea na kuota ukungu wa kijani. Kwa hiyo jibu langu la kwanza huwa ombi la kipimo cha nyumbani. Achaji kutwa nzima ya jua bila kuwasha kitu. Jua likizama afungue nyaya zote kwenye betri, aiache hivyo hadi asubuhi, halafu fundi wa jirani aweke mita. Betri nzima iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7 au zaidi kidogo. Ikisoma hivyo, tusiisafirishe kwanza. Tuangalie nyaya, paneli na matumizi. Ikisoma chini ya 12, jua halikuifikia vizuri au betri yenyewe ina neno, na hapo safari ina maana.

Kipimo hiki hakitoi hukumu. Nalisema wazi katika ujumbe, maana mteja akisikia "pima", husikia "wanatafuta sababu ya kunikataa".

Mwalimu alirudisha jibu siku mbili baadaye: 10.6.

Sasa turudi kwenye ile picha ya ukuta, maana ndiyo iliyokaribia kuniharibia kazi. Inveta yake imefungwa moja kwa moja kwenye betri. Kontrola za bei ya chini zina kinga: volti zikishuka hadi karibu 10.7 zinakata taa ili betri isikauke chaji. Lakini kinga hiyo inalinda kile tu kilichofungwa kwenye tundu zake za kutolea umeme, zile zenye alama ya balbu. Inveta iliyofungwa kwenye betri inalipita lango hilo, nayo huendelea kunyonya hadi kikomo chake yenyewe, ambacho mara nyingi kiko chini zaidi. Mwenzangu dukani alipoiona picha alisema papo hapo, "Matumizi mabaya hayo, mjibu haibebwi." Ingekuwa barua fupi na safi. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, inveta kubwa karibu zote hufungwa kwenye betri moja kwa moja, kwa sababu tundu za kontrola ndogo haziwezi kubeba mkondo wake. Karatasi ya inveta yenyewe ndivyo inavyoelekeza. Huwezi kumwadhibu mtu kwa kufuata maelekezo. Pili, picha inaeleza ukuta. Betri haijaeleza kitu bado.

Ilipofika dukani tuliichaji kwa chaja ya umeme saa 24, tukaipumzisha usiku kucha, tukapima. 10.6 tena. Betri ya volti 12 ni seli sita zilizopangwa mstari, kila moja ikitoa kama volti 2.1 ikiwa imejaa. Toa seli moja kwenye 12.7 unabaki na 10.6. Yaani seli tano ziko sawa, moja imekata roho. Betri iliyoharibiwa kwa kuachwa tupu wiki hadi wiki hujionyesha tofauti: kwenye chaja volti zake hupanda haraka kama maziwa yanayochemka, ikipumzika husoma vizuri, lakini ukiifunga balbu ya taa ya mbele ya gari, inayovuta ampea nne na nusu hivi, inaanguka baada ya saa chache, wakati mpya ingeiwasha usiku na mchana wake karibu wote. Hapo seli zote zimechoka pamoja. Kwa mwalimu ni moja tu iliyokufa, na ubavu wa betri umenyooka, haujavimba.

Nitakuwa mkweli: hilo halifungi mjadala asilimia mia. Kukaushwa sana huiumiza kwanza ile seli iliyo dhaifu kuliko wenzake, na betri ya jeli imefungwa, hatuwezi kupima seli mojamoja. Lakini seli iliyotoka kiwandani ikiwa dhaifu kuliko wenzake nayo ni kasoro. Shaka ikibaki baada ya kipimo, mimi huiacha upande wa duka. Mwezi uliopita nilimkataa mteja mwingine bila kusitasita: betri imevimba pande zote mbili, na kioo cha kontrola yake kilisoma b3, mpangilio wa betri za maji unaochaji kwa volti za juu, badala ya b2 ya jeli. Kwake nilituma picha ya rula iliyowekwa ubavuni na picha ya kioo, nikaandika kilichoonekana, nikamweleza jinsi ya kubadilisha mpangilio kabla hajanunua nyingine. Alikasirika, ila hakuuliza "kwa nini".

Jambo la mwisho kabla ya kuandika ni kuamua yale ambayo mteja hajauliza lakini atayauliza. Pesa au betri? Nani alipie usafiri? Waranti inaanza upya? Ukiyaacha, utaandika barua tatu badala ya moja. Nilipomaliza kuyapanga na mwenye duka, nilimwandikia mwalimu hivi:

"Mwalimu, salamu. Betri yako tumeichaji saa 24 na kuipumzisha usiku mmoja, inasoma 10.6 badala ya 12.7. Maana yake seli moja kati ya sita imekufa. Hii inabebwa na waranti, nasi tunakubadilishia betri ya aina ileile bila malipo. Uliomba pesa, kadi yetu inatoa kwanza badala, na pesa pale tu tukikosa betri ya aina hiyo. Tunayo moja, nimeiandikia jina lako. Nauli ya kuileta hapa kadi haiibebi. Betri mpya itakuwa na waranti hadi 13 Februari, tarehe ileile ya mwanzo, haianzi upya. Njoo siku yoyote isipokuwa Jumapili, uje na kitambulisho. Jambo moja ambalo si sehemu ya waranti: inveta yako inaweza kuikausha betri. Uje na modeli yake, fundi wetu akuonyeshe ikate kwa volti ngapi."

Angalia mahali pa ile habari ya inveta. Nikiiweka juu, kabla ya neno "inabebwa", mwalimu ataisoma kama lawama na hatafika chini. Nikiiacha kabisa, hiyo mpya huenda nayo ikarudi kabla ya Februari, na safari hiyo seli zote sita zitakuwa zimechoka.

Alikuja Alhamisi. Tulimpa betri na karatasi yenye muhuri wa duka, ikionyesha siriali ya zamani na mpya pamoja na neno "badala ya waranti, haikuuzwa", ili akiulizwa pale Vurra asionekane anavusha mali mpya. Ile mbovu haikurudi naye. Tuliibandika kibandiko chenye tarehe na vipimo vyote viwili, tukaiweka kando ikisubiri gari la msambazaji, ambaye naye, kabla ya kutupa badala, atatuuliza maswali yaleyale.